Muhtasari wa ripoti ya ukaguzi wa ndani kwa bodi: tupange kwa kiwango cha hatari au kwa hatua?

Karani_Ngamiani: Habari za jioni wadau. Chama chetu cha akiba na mikopo hapa Tanga kimepokea ripoti ya mkaguzi wa ndani yenye hoja 19: juu 4, kati 8, chini 7. Bodi inakaa Jumamosi na meneja anataka muhtasari wa kurasa mbili. Nina njia mbili. Ya kwanza ni kupanga kwa kiwango cha hatari: juu, kati, chini. Ya pili ni kupanga kwa hatua: bodi iamue, menejimenti itekeleze, kwa taarifa tu. Ipi bora?

Mzee_wa_Raskazone: Ya kwanza, bila mjadala. Wajumbe wanataka kuona kinachowaka. Hoja za chini zifute kabisa, hakuna anayezisoma.

Mkaguzi_Pongwe: Shikamoo mzee. Kutanguliza za juu nakubali, kuzifuta za chini hapana. Karani, kiwango kinaeleza hoja inaweza kuumiza kiasi gani. Hakielezi nani anyanyuke. Nipe hoja moja ya juu na moja ya kati.

Karani_Ngamiani: Ya juu: mhasibu mmoja anaandaa malipo ya benki kwa simu na kuyaidhinisha mwenyewe, maana ana namba za siri zote mbili. Ya kati: sera ya mikopo haisemi ukomo wa mkopo kwa mtumishi wa chama.

Mkaguzi_Pongwe: Umeona? Ya namba za siri ni nzito, lakini meneja anaimaliza kwa siku moja: mhasibu aandae, mwingine aidhinishe. Bodi inahitaji uthibitisho tu. Ya sera ni ya kati, ila meneja hana mamlaka ya kubadili sera. Ukipanga kwa kiwango peke yake, jambo pekee linalosubiri uamuzi wa bodi litazama ukurasa wa pili, na kikao kizima kitaishia kumhoji mhasibu. Ukipanga kwa hatua peke yake, namba za siri zitajificha kwenye kundi la menejimenti pamoja na madaftari yasiyosainiwa. Kwa hiyo panga kwa kiwango, kisha weka safu ya "bodi inatakiwa kufanya nini", na juu kabisa mistari miwili mitatu ya maamuzi yanayoombwa.

Za chini, kabla hujazibana, angalia chanzo. Fomu isiyo na saini ya mdhamini, jalada lisilo na nakala ya dhamana, mkopo uliotoka kabla ya kikao cha kamati: zinaweza kuwa hoja tatu zenye mzizi mmoja, yaani hakuna anayepitia jalada kabla fedha haijatoka. Ziandike pamoja. Ila usipandishe kiwango wewe. Mrudie mkaguzi wako, hiyo ni kazi yake.

Bi_Makorora: Sisi walipokuja wakaguzi wa COASCO, shirika la ukaguzi wa vyama vya ushirika, tulipewa hati. Kwani muhtasari wako hausemi mmepata hati gani? Bodi yetu huuliza hilo kwanza.

Mkaguzi_Pongwe: Bi mkubwa, hati hiyo ni ya mkaguzi wa nje juu ya hesabu za mwaka. Hapa tunazungumzia mkaguzi wa ndani.

Karani_Ngamiani: Basi kuna jingine. Meneja anasema namba za siri zimeshatenganishwa wiki iliyopita, kwa hiyo niandike "kati".

Mkaguzi_Pongwe: Usiguse. Kiwango ni cha hali aliyoikuta mkaguzi. Badiliko linaingia safu ya "hali ya sasa", na neno "imefungwa" liandikwe baada ya mkaguzi kuhakiki, si kwa kauli ya meneja. Mstari wako uwe hivi:

Juu | Mtu mmoja aliandaa na kuidhinisha malipo | Meneja atenganishe majukumu, benki ithibitishe kwa barua | Menejimenti inasema imefanyika, mkaguzi hajahakiki | Bodi: ipokee matokeo ya uhakiki kikao kijacho

Ukiandika tu "kuimarisha udhibiti wa ndani", miezi sita baadaye hakuna atakayejua kama limefanyika. Na kama menejimenti ingekataa kurekebisha hatari ambayo mkaguzi mkuu wa ndani anaona imepita kiasi, wakishindwa kuelewana anatakiwa aifikishe bodi. Viwango vya kimataifa vya ukaguzi wa ndani vilivyoanza kutumika 9 Januari 2025 vinasema hivyo.

Chumbageni_2: Hapo kwenye zilizorekebishwa mimi napinga kidogo. Kwetu wajumbe walioona "juu" walihamaki, wakataka mtu afukuzwe kwa jambo lililokwisha. Siku hizi zilizohakikiwa tunaziweka chini, kwenye kisanduku chake, kiwango kikiwa vilevile.

Mzee_wa_Raskazone: Hilo ndilo kufichaficha. Mjumbe akishafika huko chini chai imeshapoa.

Mkaguzi_Pongwe: Zilizohakikiwa kweli, sina ugomvi na kisanduku. Ya Karani bado haijahakikiwa, ibaki juu.

Karani_Ngamiani: Sawa kaka. Namrudia mkaguzi kesho kuhusu zile tatu za majalada. Meneja naye nitamwonyesha hiyo safu ya hali ya sasa, sijui kama ataridhika.