Jina juu ya kichwa cha mkimbiaji linatetemeka, kisha linahamia kwenye nguzo

FremuMojaMoja
Wakuu, habari zenu. Nina klipu ya sekunde 9, fremu 30 kwa sekunde. Kuna mkimbiaji anatoka kushoto kwenda kulia, na kamera iko mkononi ikimfuata. Nataka jina lake lielee juu ya kichwa chake mwanzo hadi mwisho. Natumia After Effects. Nilifungua Track Motion, nikaweka kisanduku usoni, nikabonyeza kichambue hadi mwisho, nikapeleka mwendo kwenye Null Object na jina nikaliambatanisha na hiyo null.

Yananisumbua mambo mawili. Jina linarukaruka muda wote, halisomeki. Halafu kwenye fremu ya 141 mkimbiaji anapita nyuma ya nguzo ya taa, na jina linabaki kwenye nguzo. Yeye anaendelea kukimbia, jina linarudi kushoto pamoja na nguzo mpaka linatoka nje ya picha. Nimerudia mara sita. Naombeni msaada, kazi naikabidhi keshokutwa.

Sauti_na_Picha
Pole sana. Hapo tumia 3D Camera Tracker, inachambua yenyewe picha nzima, huna haja ya kuweka kisanduku. Ukimaliza unabofya nukta iliyo karibu na mtu unaunda maandishi. Mimi natumia hiyo siku zote.

Nuru_Ediza
@Sauti_na_Picha, hiyo ni nzuri sana kwa maandishi yanayokaa ukutani au chini barabarani. Inachofanya ni kukisia kamera ilikuwa wapi, kwa kutazama vitu vilivyotulia. Mtu anayekimbia kwake ni kelele ya kuepukwa. Ukibofya nukta iliyo karibu naye utapata nukta ya ukuta ulio nyuma yake, na jina litamwacha. Kitu kinachotembea chenyewe kinahitaji kufuatiliwa chenyewe.

@FremuMojaMoja, kabla hujarekebisha chochote, jua kwanza una ugonjwa gani. Tengeneza msalaba mdogo, uambatanishe na ile null bila kulainisha kitu, uuweke palepale ulipoweka kisanduku. Kisha tembeza fremu moja moja. Msalaba ukiteleza polepole kutoka puani kwenda shavuni, traka imekosea. Ukiwa umeganda pale pale lakini jina bado linaruka, traka iko sahihi na kinachoruka ni kichwa chenyewe. Dawa ni tofauti kabisa, na wengi wanalainisha mwendo wakati tatizo ni kuteleza.

Pia nijibu mawili: kavaa nini, na je, umeweka tiki kwenye Adapt Feature on Every Frame?

Mkono_wa_Tatu
Na mimi nina swali kama hili. Maandishi yangu hayafuatani na msemaji, anaanza kuongea na maneno yanatokea nusu sekunde baadaye. Nitumie traka ipi?

Nuru_Ediza
@Mkono_wa_Tatu, ndugu yangu, lako ni la muda, hili ni la mahali. Traka haisikii sauti. Vuta maandishi yako nyuma kwenye taimlaini hadi yalingane na mawimbi ya sauti. Kama kuchelewa kunazidi kadiri video inavyosonga, fungua uzi wake, maana hapo tatizo ni faili.

FremuMojaMoja
Dada Nuru, nimefanya jaribio la msalaba. Nimepata yote mawili! Fremu kama 60 za mwanzo msalaba umekaa puani vizuri na jina bado linaruka. Baada ya hapo msalaba unahamia shavuni, sikioni, na kwenye fremu ya 141 uko kwenye nguzo. Na ndiyo, tiki ya Adapt Feature on Every Frame niliiweka, nilisikia inasaidia. Cha ajabu Confidence haikushuka kabisa, ilikuwa juu hata ikiwa kwenye nguzo.

Kavaa fulana nyekundu, kofia nyeusi yenye alama ndogo nyeupe ubavuni, na namba kifuani kwenye kitambaa cheupe.

Nuru_Ediza
Asante, sasa inaeleweka.

Traka haijui uso ni nini. Inachukua picha iliyo ndani ya kisanduku cha ndani, inaenda fremu inayofuata, inatafuta ndani ya kisanduku cha nje mahali panapofanana nayo zaidi. Ile tiki inaiambia kila fremu isahau picha ya mwanzo na ikariri mpya. Ikikosea nukta moja, kosa hilo ndilo linakuwa kweli ya fremu inayofuata, kisha linaongezwa lingine. Nguzo ilipoanza kuingia kisandukuni, traka iliikariri kidogo kidogo hadi ikawa ndiyo inayotafutwa. Ndiyo maana Confidence ilibaki juu: inalinganisha na fremu iliyopita tu, na nguzo ya fremu ya 150 inafanana sana na nguzo ya fremu ya 149.

Kwa hiyo ondoa ile tiki. Pale panapoandikwa If Confidence Is Below, acha 80% na uchague Stop Tracking. Itakusumbua kwa kusimama, lakini kusimama ni bora kuliko kukudanganya.

Kisanduku kihamishie kwenye alama nyeupe ya kofia. Uso ni wa rangi laini usio na kona kali, tena unageuka. Namba ya kifuani inavutia kwa macho, lakini kitambaa kinapeperuka na mkono unaikata kila hatua. Alama nyeupe juu ya kofia nyeusi ina kingo kali na iko kwenye kitu kigumu. Kwa kuwa tofauti yake ni ya mwanga na giza, chagua Luminance badala ya RGB.

Kisanduku cha nje usikisie. Soma mahali alama ilipo kwenye fremu mbili zinazofuatana, pale mwendo ulipo mkali zaidi. Ikihama pikseli 35, basi kisanduku cha nje kizidi cha ndani kwa zaidi kidogo ya 35 kila upande. Kikiwa kidogo, alama inatoka nje haionekani. Kikiwa kikubwa mno, kinakaribisha vitu vingine vyeupe.

Kwenye nguzo usilazimishe. Simama fremu ya mwisho ambayo alama yote inaonekana. Nenda fremu ya kwanza inapotokea tena, weka kisanduku upya, endelea. Alama za mwendo zilizo katikati zifute zote, programu itachora mstari mnyoofu. Kwa fremu kumi hivi hakuna mtazamaji atakayeona.

Kipepeo_wa_Blenda
Nathibitisha hilo la kukariri. Blender wameliweka wazi: kwenye Movie Clip Editor kuna Match, unachagua Previous frame au Keyframe. Previous frame inavumilia kitu kinachobadilika sura lakini inateleza, Keyframe haitelezi lakini inakata tamaa mapema. Mimi huanza na Keyframe, na inapokwama naweka upya kwa mkono.

FremuMojaMoja
Nimefanya. Ilisimama mara tatu tu, mbili kwa sababu kofia iligeuka na moja kwenye nguzo. Msalaba sasa umeganda kwenye alama mwanzo hadi mwisho, nimefurahi sana. Ila baada ya nguzo jina linaruka ghafla kama pikseli 30 kulia na kubaki huko. Na bado linadunda.

Nuru_Ediza
Hiyo ya pikseli 30 naijua. Baada ya nguzo alama ilikuwa imegeuka, ukaweka kisanduku kwenye kona nyingine ya alama, na ule msalaba wa ndani, ambao ndio unaobeba jina, ukaenda nao. Rudia hapo tu. Shikilia Alt (Option kwa Mac) unapovuta kisanduku. Visanduku vitahama, msalaba utabaki ulipouacha. Msalaba wenyewe uweke mahali halisi ambapo ile kona ya kwanza ingekuwa.

Kudunda sasa. Fungua namba za Y za null uniambie zinapanda na kushuka kila baada ya fremu ngapi.

FremuMojaMoja
Y inakwenda 412, inafika 434 baada ya fremu tano, inarudi 412. Nimehesabu pia miguu: unagusa chini fremu ya 20, ya 30, ya 41, ya 51. Kwa hiyo karibu kila fremu 10.

Sauti_na_Picha
Hapo weka smooth tu kwenye null yote, iache kwenye namba zake za kawaida. Imewahi kunisaidia.

Nuru_Ediza
Smooth ndiyo yenyewe, ila namba za kawaida hazitatosha hapa. Zinachukua wastani wa sekunde 0.2, yaani fremu 6, na hatua moja ina fremu 10. Wastani wa nusu hatua na kidogo bado una mdundo ndani yake. Ukichukua wastani wa hatua nzima, kupanda na kushuka vinafutana. Fremu 10 kwa fremu 30 kwa sekunde ni sekunde 0.33. Na usilainishe X kwa kiasi hicho, maana kamera ikivutwa ghafla jina litachelewa kumfuata. Ondoa uambatanisho wa jina na null, kisha weka hii kwenye Position ya jina:

```
n = thisComp.layer("Null 1").transform.position;
y = n.smooth(.33, 11)[1];
[n.value[0], y - 140]
```

140 ni pikseli za kulinyanyua juu ya kofia, badili upendavyo. 11 ni idadi ya sampuli, ifanye witiri ili fremu unayoitazama nayo ihesabiwe.

Basi_la_Saa_Kumi
Samahani kuingilia, mimi nina nembo inayotakiwa kukaa ubavuni mwa basi linalokata kona. Nimefuata hatua za kofia, nembo inafuata lakini imekaa kama stika iliyopindwa vibaya.

Kipepeo_wa_Blenda
@Basi_la_Saa_Kumi, nukta moja inakupa mahali tu, haijui basi limegeuka kiasi gani. Ubavu wa basi ni bapa, kwa hiyo unataka kufuatilia bapa zima. Kwenye After Effects kuna Mocha inayokuja nayo. Chora umbo kuzunguka ubavu, vioo viache nje kwa sababu vinaakisi barabara na mwakisiko unaenda upande wake, kisha nembo ibandike kwa kona nne.

FremuMojaMoja
Jina limetulia! Linamfuata na halidundi. Nimebakiwa na sehemu moja, sekunde ya 7, mpigapicha alikanyaga shimo na kamera ikashuka ghafla. Mkimbiaji anapanda kwenye picha na jina linachelewa kama fremu tano hivi kumfikia.

Nuru_Ediza
Hiyo ndiyo bei ya wastani: haujui kutofautisha mdundo wa mtu na mshtuko wa kamera. Unaweza kutuliza kamera kwanza, kisha ufuatilie upya kwenye klipu iliyotulizwa. Au pale pale sekunde ya 7 ushushe upana kutoka .33 hadi .1 kwa fremu chache, udunde kidogo lakini usichelewe. Mimi ningechagua la pili, kwa muda ulio nao.

Kipepeo_wa_Blenda
Mimi la kwanza. Kamera isiyotulia itamsumbua mtazamaji hata jina lisipokuwepo.

FremuMojaMoja
Naanza na la dada Nuru usiku huu, nikipata nafasi kesho najaribu kutuliza. Nitaweka picha za fremu za sekunde ya 7 hapa hapa, mniambie ipi inakaa vizuri.