Tupeane uzoefu: 73 − 38 kichwani, majibu matatu ubaoni

Chaki_na_Ubao

Assalam aleikum wanajamvi. Nafundisha gredi ya 3 huku Kisauni, darasa la watoto 54. Tangu muhula uliopita kipindi cha hesabu nakianza kwa dakika kumi za hesabu za kichwa. Naandika hesabu moja ubaoni kwa kulala, si kwa kusimama, maana nikiisimamisha tu darasa zima linaanza kuimba "tatu toa nane haiwezi, kopa". Daftari zimefungwa, penseli chini. Aliyepata jibu hainui mkono, anaweka dole gumba kifuani. Akipata na njia ya pili anaongeza kidole. Hilo la dole gumba nililidharau mwanzo, lakini nimeona kwa macho yangu: mkono mmoja ukipaa juu, wale ambao bado wanafikiri wanaacha hapo hapo.

Jumanne niliandika 73 − 38. Nikakusanya majibu yote bila kuonyesha lipi ni lipi: 35, 45 na 31.

La 45 nililitarajia, ni wale wanaotoa ndogo kwenye kubwa popote ilipo: saba toa tatu, nane toa tatu. Lililonishangaza ni 31. Lilitoka kwa mtoto hodari, na wenzake zaidi ya kumi wakawa wanaitikia kwa kichwa. Maneno yake mwenyewe: "Thelathini na nane iko karibu na arobaini. Sabini na tatu toa arobaini, thelathini na tatu. Niliongeza mbili, kwa hivyo natoa mbili. Thelathini na moja."

Nikabaki nimeshika chaki. Nikamwambia si sawa, lakini kwa nini si sawa sikuweza kumwambia akaelewa. Aliyewahi kukutana na hili alifanyaje?

BabaWawili

Mwalimu pole na kazi. Mimi wangu yuko gredi ya 5 na jedwali la 7 bado linamshinda. Zamani tulikuwa tunaimba asubuhi kabla ya chai, na ukikosea unajua mwenyewe kitakachofuata. Nimtafutie mwalimu wa jioni au vipi? Niko Likoni.

Chaki_na_Ubao

Baba, jedwali ni kukumbuka, mimi nauliza habari ya kutoa. Fungua uzi wako nitakujibu huko, inshallah.

Mpwani_Halisi

Mimi nafundisha gredi ya 4, na nina kanuni moja tu: ulichoongeza kitoe, ulichotoa kiongeze. Mfano 47 + 38. Ifanye 47 + 40, ni 87, toa zile 2 ulizoongeza, 85. Watoto wangu wameishika kama wimbo. Huyo wako nadhani amechanganyikiwa tu, mrudishe kwenye kanuni.

Mstaafu_Changamwe

Ndugu yangu Mpwani, soma tena maneno ya yule mtoto. Hakuchanganyikiwa hata kidogo. Ameifuata kanuni yako neno kwa neno: ameongeza mbili, ametoa mbili. Kanuni ndiyo iliyomponza.

Mwalimu wa Kisauni, nina swali kabla sijaendelea. Wiki ya kabla ya hapo mlikuwa mnafanya kujumlisha?

Chaki_na_Ubao

Wallahi umenikamata. Wiki mbili nzima: 47 + 38, 56 + 29, na kadhalika. Tena huyo huyo ndiye aliyewaeleza wenzake.

Mstaafu_Changamwe

Basi ndiyo hiyo. Nilifundisha miaka mingi na nimelifanya kosa hilo zaidi ya mara moja. Kwenye kujumlisha, ukiongeza nambari yoyote kati ya zile mbili, jibu linazidi, nawe unapunguza. Kwenye kutoa, kila nambari ina kazi yake. Ya kwanza ndicho ulicho nacho, ya pili ndicho kinachoondoka. Ukikizidisha kinachoondoka, kinachobaki kimepungua, kwa hivyo unarudisha. Mtoto wako ameondoa mbili zaidi ya alizotakiwa, kisha akaondoa mbili nyingine.

Sasa tafadhali usiende kesho ukawapa kanuni ya pili, "kwenye kutoa mnaongeza". Nilijaribu. Wiki moja wanafanya vizuri, halafu zote mbili zinavurugana kichwani. Anza na pesa. Una shilingi 73 mkononi. Unanunua kitu cha shilingi 38 (usiseme mahamri, hakuna mahamri ya 38, watakucheka). Unatoa sarafu mbili za ishirini, unampa mwenye duka. Mkononi zimebaki ngapi? Thelathini na tatu. Haya, umeondoka, au kuna kitu unangoja? Darasa zima litapiga kelele "chenji!". Shilingi mbili zinarudi, una 35. Hakuna mtoto wa Mombasa atakayekuambia kwamba mwenye duka akishachukua 40 unamwongeza nyingine mbili.

Baada ya hapo andika tatu, moja chini ya nyingine:

73 − 40
73 − 39
73 − 38

Fanyeni ya kwanza, 33. Kabla ya kufanya ya pili uliza: hili jibu litazidi lile la juu au litapungua? Wangoje. Hapo ndipo somo lote lilipo, usilipite haraka. Anayesema litapungua mpe nafasi aseme kwa nini, maana anaangalia 39 imepungua akadhani kila kitu kinapungua nayo.

Na huyo wa 31 usimwache na "si sawa". Chora mstari ubaoni, weka 73 upande wa kulia, ruka nyuma hatua 40, utue 33. Muulize yeye: ulitakiwa uruke 38, umeruka 40, je, umefika au umepita? Atasema nimepita. Basi arudi.

Duka_la_Majengo

Jamani mnajisumbua. Mimi nina kiduka miaka kumi na sijawahi kutoa hesabu hata siku moja. Mtu akinipa 73 kwa kitu cha 38, napanda: 38 mpaka 40 ni mbili, 40 mpaka 70 ni thelathini, 70 mpaka 73 ni tatu. Mbili, thelathini, tatu: 35. Kwisha. Kwa nini hamuwafundishi watoto hivi peke yake?

Chaki_na_Ubao

Hilo nililipata siku ile ile, bin' adamu! Mtoto mmoja, babake anauza madafu, alipanda hivyo hivyo. Ila wenzake walipomwiga waliisahau ile 3 ya mwisho, wakapata 32.

Mstaafu_Changamwe

Wanasahau kwa sababu wanaruka bila kuandikiwa. Mtoto akieleza, mwalimu aandike kila mruko juu ya mstari: +2, +30, +3. Hapo wataona wenyewe kuna mmoja hawajaujumlisha.

Na Duka, njia yako nzuri, ila si "peke yake". Nambari zikikaribiana inapendeza sana. Lakini nikikuuliza 73 − 6, utapanda kutoka 6 mpaka 73? Hapo ni afadhali ushuke: toa 3 ufike 70, toa 3 nyingine, 67. Tunalolitaka ni mtoto aziangalie nambari kwanza, kisha achague.

Duka_la_Majengo

Mzee, kwa 73 na 6 mimi najua tu. Lakini sawa, nimekuelewa.

Chuda_Teacher

Mimi nina tatizo jingine kabisa. Kwetu ni shule ya kibinafsi, kila kitu Kiingereza kuanzia chekechea. Mtoto anajua njia, akiinuka kueleza anakwama, si kwa hesabu, kwa lugha. Na kwa Kiswahili "kumi na tatu" inajieleza yenyewe, ni kumi na juu yake tatu. Kwa Kiingereza neno la kumi na tatu na la thelathini yanakaribiana mno masikioni, kila wiki kuna mtoto ameandika moja badala ya jingine. Nikawaruhusu waeleze kwa Kiswahili. Wiki hiyo walizungumza watoto ambao sijawahi kusikia sauti zao. Mkuu akapita dirishani, akaniita ofisini.

Mpwani_Halisi

Mkuu wako ana haki. Mtihani hautakuja kwa Kiswahili. Mkiwazoesha kufikiri kwa lugha moja na kuandika kwa nyingine mnawaongezea mzigo.

Chuda_Teacher

Na asiyefikiri kwa lugha yoyote, mzigo wake nani anaubeba?

Mpwani_Halisi

Haya, hilo tutalijadili mpaka asubuhi. Ila ile kanuni yangu nimeijaribu leo kwa 73 − 38, nimepata 31. Nimenyamaza.

Chaki_na_Ubao

Narudi na habari. Jumatatu nilifanya ya chenji, Jumanne zile tatu za kupangana, Jumatano nikawapa 62 − 29 bila hadithi yoyote. Wengi wakasema 33, na yule mtoto akaeleza: "Nimetoa thelathini, nimezidisha moja, anirudishie moja." Anirudishie! Nikaandika neno hilo hilo ubaoni. Waliosema 31 nilihesabu sita.

Lakini wa 45 hawajasogea. Kwa 62 − 29 wananiambia 47, wale wale.

Mstaafu_Changamwe

Hao wa 47 dakika kumi za mazungumzo hazitawafaa bado. Wanaona 6 na 2, hawaoni sitini na mbili. Wape vijiti, mafungu ya kumikumi na vijiti viwili pembeni, waambie waondoe 29. Watalazimika kufungua fungu. Wakae nao hata wiki mbili wakati wengine wanafanya kazi ya daftari.

Na hao waliopata 33, wapime kabla hujafurahi. Wape 98 − 45. Watafanya 100 − 45, ni 55. Sasa wameongeza nambari ya kwanza, yaani wamejipa shilingi mbili ambazo si zao, lazima ziondoke: 53. Akikuambia 57, ujue ameshika "kwenye kutoa naongeza" na hakushika kitu kingine.

Chaki_na_Ubao

Nimewapa leo. 57 zilikuwa nyingi kuliko 53. Huyo huyo "anirudishie" alisema 57, halafu akainama, akasema "ngoja, hapa nani anamdai nani?" Kengele ikalia.

BabaWawili

Nimewasoma wote kimya kimya. Jana tukiwa kwenye feri nimemuuliza kijana wangu 73 − 38. Akasema 35 kabla hatujafika katikati ya kivuko. Nikamuuliza umepataje, akasema "nimekopa kichwani". Hiyo inahesabika?

Mstaafu_Changamwe

Inahesabika, ni njia kama nyingine. Kesho muulize 302 − 298, umtazame uso.

BabaWawili

Nimemuuliza. Tumeshuka feri, tumepanda matatu, bado anakopa.