Tableti ya Salma: herufi, rangi na mwanga

Mama Salma: Habari za jioni ndugu zangu. Salma anasoma kitabu cha shule kwenye tableti na ameishika shubiri moja tu kutoka usoni. Ikifika usiku analalamika macho yanamchoma. Nimeongeza herufi kwenye Settings lakini kitabu chake hakijabadilika hata kidogo. Nimekosea wapi?

Baba Idrisa: Pole shemeji. Weka Dark theme, mambo yataisha. Mimi yangu ni nyeusi usiku na mchana, macho yametulia kabisa.

Mjomba Faki: Shemeji, hiyo nyeusi ni suala jingine, tutalifikia. Mama Salma, tableti ni ya aina gani, na Salma ana akaunti yake humo au anatumia yako?

Mama Salma: Android 13. Ana yake, ile yenye picha ya paka.

Mjomba Faki: Basi ingia kwanza kwenye akaunti ya paka. Ukubwa wa herufi unakwenda na mtumiaji, kwa hiyo ukibadilisha kwako, kwake panabaki vilevile. Wazazi wengi hukwama hapo.

Mama Salma: Kumbe! Nilibadilisha kwangu. Nipe dakika.

Bibi Mwanaidi: Wanangu, na mimi herufi za simu yangu zimekuwa kubwa mno tangu mjukuu aichezee. Nikitaka kumpigia mtu naona nusu ya jina. Hiyo tableti msije mkaifanya hivyo.

Mjomba Faki: Shikamoo Bibi. Kesho nikipita nitaipunguza. Ila umetaja jambo la maana. Mama Salma, nenda Settings, kisha Display, kisha Display size and text. Utakuta mistari miwili ya kuburuta. Font size hukuza herufi peke yake. Display size hukuza kila kitu, vitufe na picha pia, ndiyo ikizidi vitu vinaanza kukatika kama kwa Bibi. Anza na Font size, sogeza hatua moja, mpe asome, kisha uongeze nyingine ikibidi. Display size iache hadi uone anakosea kugusa vitufe.

Bibi Mwanaidi: Marahaba mwanangu. Nitakusubiri.

Mama Salma: Nitajuaje kwamba imetosha?

Mjomba Faki: Mwambie aegemeze kiwiko cha mkono wake juu ya tableti na ngumi aiweke shavuni. Umbali huo, kiwiko hadi konzi, ndio wa kusomea. Akae hivyo, ashushe mkono, asome kwa sauti. Akianza kuinama, ongeza hatua.

Mama Salma: Nimefika hatua ya tatu. Mipangilio na ujumbe anasoma vizuri, hajainama. Lakini kitabu cha shule bado ni vile vile 😔

Mjomba Faki: Jina la faili linaishia na nini?

Mama Salma: .pdf

Mjomba Faki: Hapo ndipo tatizo lilipo. PDF ni ukurasa uliokwisha kupangwa, ni kama picha ya karatasi. Font size haiwezi kuufikia. Ilaze tableti ubavu, ukurasa utatanuka hadi ujaze upana wa skrini. Akipanua kwa vidole viwili itakuwa kubwa zaidi, lakini atalazimika kusukuma kushoto na kulia kila mstari, mtoto huchoka haraka. Muulize mwalimu kama kitabu kipo kwa EPUB. Ya namna hiyo mistari hujipanga upya ukikuza herufi.

Mama Salma: Nimeilaza. Anasema "mama, sasa a na o hazifanani." Hajawahi kuniambia kwamba zilikuwa zinafanana.

Shangazi Rehema: Maskini mtoto. Sisi tunayo iPad, nako ni hivyo hivyo. Herufi ziko Settings, Display & Brightness, halafu Text Size. Rangi ya joto, ile inayoipa skrini unjano usiku, inaitwa Night Shift, iko ukurasa huo huo.

Mjomba Faki: Asante Shangazi. Kwa Android inaitwa Night Light, iko ndani ya Display. Kwenye Schedule chagua muda wako mwenyewe, uandike 18:00 hadi 06:00, yaani saa kumi na mbili jioni mpaka saa kumi na mbili asubuhi. Kisha kuna Intensity. Usiivute hadi mwisho. Shika karatasi nyeupe kando ya tableti chini ya taa ya chumbani, usogeze mpaka skrini ifanane na karatasi.

Mama Salma: Nimefanya. Natuma picha ya skrini.

Baba Idrisa: Picha ni nyeupe kabisa shemeji. Haijashika hiyo, rudia.

Mjomba Faki: Usirudie. Night Light haiingii kwenye picha ya skrini, rangi inawekwa mwishoni inapofika kwenye kioo. Hata ukiizima sisi huku tungeona picha ile ile. Amini macho yako na karatasi.

Mama Salma: Inafanana na karatasi. Lakini ameanza kuchora jua na anasema rangi ya njano imepotea.

Mjomba Faki: Kweli, nyeupe yote imekuwa na unjano, kwa hiyo njano haina pa kujitenga. Akichora, izime kwa muda kwenye menyu ya kuvuta kutoka juu. Na msitarajie rangi hiyo peke yake imletee usingizi. Mwanga mkali wenye rangi ya joto bado ni mwanga mkali. Shusha ung'avu wenyewe pia, na katuni za mbio zikome mapema.

Baba Idrisa: Na nyeusi yangu je?

Shangazi Rehema: Mwanangu anayevaa miwani hataki hata kuiona. Anasema herufi nyeupe kwenye nyeusi "zinaota manyoya."

Mjomba Faki: Wenye astigmatizimu, yaani jicho lisilo la mviringo sawasawa, wengi husema hivyo. Kwenye nyeusi mboni hupanuka na herufi hutawanya mwanga. Wengine, kama shemeji, huona raha. Mpe Salma aya moja aisome mara mbili, nyeupe kisha nyeusi, usikilize ni wapi anaruka mstari.

Baba Idrisa: Mimi sibadilishi yangu, lakini Idrisa nitampima kesho. Sikuwahi kumuuliza yeye.

Mama Salma: Kwenye nyeusi ameruka mistari miwili. Namwachia nyeupe yenye joto. Nimeondoa pia picha ya ukutani yenye nyota zinazozunguka, nikaweka kijani kitupu.

Mjomba Faki: Vizuri. Kwenye Accessibility kuna Remove animations, iwashe, kurasa ziache kuruka. Sasa la mwisho, nalo usilipuuze. Herufi kubwa huficha macho yenye shida. Mfunike jicho moja, asome mstari ule ule kwa umbali ule ule, kisha la pili.

Mama Salma: Ngoja.

Mama Salma: Kushoto amesoma wote. Kulia amesema herufi zina ukungu, akaanza kuinama tena. Nimerudia mara tatu.

Shangazi Rehema: Mpeleke akapimwe, usingoje likizo.

Mama Salma: Kesho asubuhi tunakwenda.

Mjomba Faki: Beba na tableti. Mwonyeshe mpimaji jinsi alivyokuwa akiishika kabla hujabadilisha kitu, na umwambie ni jicho gani lenye ukungu.