Ninunue Excel mpya, nihamie Google Sheets, au nibaki na 2013? Nataka kuchuja orodha ya ghala

Karani_Busia
Habari za jioni wakubwa. Nina orodha ya mahindi tunayopokea ghalani hapa Busia. Bosi anataka kila Jumatatu nimtolee mistari ya wilaya fulani tu, mzigo uliozidi kilo 1,000, ndani ya mwezi anaoutaja yeye. Excel yangu inanisumbua. Amesema niamue kabla ya Ijumaa: anunue Excel mpya, au tuhamie Google Sheets ya bure. Fundi mmoja mjini ananisukumia LibreOffice. Nyinyi mnatumia nini?

kijana_wa_Gulu
Nunua mpya, usijisumbue. Kuna FILTER, fomula moja tu na matokeo yanajimwaga yenyewe kwenye karatasi nyingine. Ukiongeza mstari ndani ya eneo lile, matokeo yanabadilika bila kugusa kitu:

```
=FILTER(A2:F1000,(B2:B1000="Tororo")*(D2:D1000>1000)*(A2:A1000>=DATE(2025,7,1)),"Hakuna")
```

Alama ya kuzidisha hapo ina maana masharti yote yatimie pamoja. Kwenye 2013 haipo, na 2016 na 2019 pia hazina. Utakutana na #NAME? tu.

HesabuKwanza
Karani, "inanisumbua" maana yake nini? Mistari mingapi? Faili inaguswa na watu wangapi? Intaneti ipo ghalani? Na orodha unaipiga mwenyewe au inatoka mahali? Bila hayo tutakupigia debe tu.

Bibi_wa_Jinja
Mahindi hayachujwi kwa kompyuta, mwanangu, yanachekechwa. Na kabla ya kuuliza kilo uliza unyevu. Ukipokea yaliyozidi asilimia 13.5 utakuja kuchuja ukungu.

Karani_Busia
@Bibi_wa_Jinja shikamoo bibi, unyevu tunapima, una safu yake kwenye orodha 😄

@HesabuKwanza samahani. Mistari ni 1,860, kuanzia Januari 2025 hadi katikati ya Oktoba. Tunaoigusa ni wawili, mimi na mwenzangu wa malipo. Intaneti ni bando la simu. Tarehe na kilo zinatoka kwenye programu ya simu iliyo mizanini, inatoa faili ya CSV, naifungua kwa kubofya mara mbili. Tarehe imeandikwa hivi: 05/07/2025.

Tatizo lenyewe: nikibonyeza kishale cha tarehe, sioni Date Filters wanayoionyesha kwenye video. Naona Text Filters. Ndiyo maana nadhani 2013 imepitwa na wakati. Na nikifungua mwaka 2025, nikafungua Julai, naona siku ya 1 hadi 8, kisha 10, basi. Julai tulipokea mzigo karibu kila siku isipokuwa Jumapili! Chini kabisa kuna lundo la tarehe zimejipanga zenyewe, hazimo ndani ya mwezi wowote.

fundi_wandegeya
Weka LibreOffice, ni bure na haina leseni ya kulipia. Data, AutoFilter, maisha yanaendelea. Mimi wateja wangu wote nawawekea hiyo.

HesabuKwanza
Karani, usinunue kitu bado. Hiyo Julai yako si Julai.

Angalia: siku 1, 2, 3, 4, 5, 6, 7, 8, 10. Hizo ni tarehe 7 za Januari, Februari, Machi, kuendelea hadi Oktoba. Laptopu yako imewekwa mtindo wa Marekani, mwezi kwanza. Programu ya mizani iliandika 07/01/2025 ikimaanisha tarehe 7 Januari, Excel ikasoma Julai 1. Siku ya 9 haipo kwa sababu tarehe 7 Septemba 2025 ilikuwa Jumapili, na umesema Jumapili hampokei.

Lile lundo la chini ni tarehe 13 na kuendelea. Excel ilipoona 14/07/2025 ikatafuta mwezi wa kumi na nne, ikaukosa, ikaiacha kama maandishi. Kwa hiyo kila mwezi siku 12 za mwanzo zimegeuzwa na zilizobaki si tarehe tena. Maandishi yamekuwa mengi kuliko tarehe, ndiyo maana menyu inakuonyesha Text Filters. Kitu hicho 2013 inacho, na Excel mpya ingekuletea menyu hiyo hiyo.

Hakikisha mwenyewe: panua safu ya tarehe, ondoa mpangilio wowote wa kulia au katikati. Tarehe halisi zitakaa kulia, maandishi yatakaa kushoto.

kijana_wa_Gulu
Sawa, lakini FILTER haihitaji menyu. Fomula yangu ingefanya kazi.

HesabuKwanza
Ingefanya vibaya zaidi. Excel ikilinganisha maandishi na namba, maandishi ni makubwa daima. Sharti lako la >=DATE(2025,7,1) lingepitisha kila tarehe iliyo maandishi, hata ya tarehe 20 Januari. Ukiongeza ukomo wa juu, <=DATE(2025,7,31), zote zinatupwa, hata za Julai ya kweli. Na hakuna alama nyekundu yoyote ya kukuonya. Hapo kichujio cha kawaida kina nafuu, unaliona lundo kwa macho yako.

kijana_wa_Gulu
Hilo la maandishi sikulijua. Hata hivyo FILTER bado ni bora data ikiwa safi.

Dada_wa_Malaba
Hata data ikiwa safi kichujio kinaweza kukuumiza. Mimi nashughulikia malori ya kupita mpakani. Siku moja nilichuja orodha ibaki ya mteja mmoja, mistari 14. Namba za risiti zake 14 zilikuwa kwenye karatasi nyingine, nikazinakili kwa mpigo, nikabandika kwenye mstari wa kwanza unaoonekana. Nikaona tatu tu zimeingia. Nikasema kompyuta imechoka, nikabandika tena chini kidogo. Tena zikaonekana mbili. Nikaishia kuziandika kwa mkono moja moja.

Wiki ya pili mteja mwingine anapiga simu, risiti ya mtu imeandikwa kwenye lori lake. Kufungua kichujio, nikaona maajabu: zile namba zilibandikwa mfululizo, mstari kwa mstari, ikiwemo mistari iliyofichwa. Zilizofichwa zilifuta risiti za watu wengine. Nilikaa na mafaili ya karatasi hadi saa tano usiku siku mbili, na faili nilikuwa nimeshaihifadhi kwa hiyo hakuna kurudi nyuma. Tangu hapo, nikichuja ni kwa kuangalia na kuchapisha. Kubandika, naondoa kichujio kwanza.

fundi_wandegeya
Pole dada. Ila hiyo ni ya Excel. LibreOffice…

Dada_wa_Malaba
Wewe kaka wa Wandegeya una hisa huko? 😅

Karani_Busia
@HesabuKwanza nimeangalia, kweli zingine kushoto zingine kulia. Nimeogopa, maana ripoti za Agosti na Septemba zilishakwenda kwa bosi. Narekebishaje? Na jambo jingine, safu ya malipo nikisema zaidi ya 1,000,000 wakulima wengi wanapotea.

HesabuKwanza
Kama CSV za mwanzo unazo, hiyo ndiyo njia safi. Usizibofye. Fungua Excel tupu, Data, From Text, chagua faili. Hatua ya kwanza acha Delimited, ya pili weka alama kwenye Comma, ya tatu bonyeza safu ya tarehe kisha chagua Date: DMY. Zitaingia sawa zote. Halafu kwenye mipangilio ya Windows, Region, toka Marekani weka Uganda au Uingereza, yasijirudie.

Kama CSV umezifuta, weka safu mpya pembeni:

```
=IF(ISNUMBER(A2),DATE(YEAR(A2),DAY(A2),MONTH(A2)),DATE(RIGHT(A2,4),MID(A2,4,2),LEFT(A2,2)))
```

Iliyogeuzwa inarudishwa, iliyo maandishi inakatwa vipande na kujengwa upya. Lakini hii inafaa tu ikiwa hakuna tarehe mliyoiandika kwa mkono mkaipatia sawa. Ikiwepo, fomula itaigeuza nayo. Jaribu kwanza kwenye nakala, kisha linganisha mistari kumi na daftari la mizani.

Malipo: mwenzako anaandika 1,250,000/= sivyo?

Karani_Busia
Ndiyo, kila mtu Uganda anaandika hivyo!

HesabuKwanza
Kwenye risiti, sawa. Kwenye Excel hiyo /= inageuza namba kuwa maandishi, na Number Filters inairuka. Chagua safu, Ctrl+H, tafuta /= na pa kubadilisha paache tupu. Ukitaka alama ionekane, iweke kwenye mwonekano wa seli, Format Cells, Custom: `#,##0"/="`. Namba inabaki namba.

Mzee_Tororo
Na akijumlisha baada ya kuchuja asitumie SUM. SUM inahesabu na waliofichwa. Ni `=SUBTOTAL(109,E2:E1861)`. Nilishawahi kumlipa dalali kwa jumla ya wilaya nzima.

mlinzi_wa_bando
Mmesahau swali. Wako wawili, hiyo ni kazi ya Google Sheets. Ila msitumie kichujio cha kawaida, mkipiga wote wawili mnafichiana mistari. Tumieni filter view, kila mmoja anaona yake. Na mkienda huko, File, Settings, Locale, muitoe Marekani, la sivyo tarehe zitaharibika vilevile.

Dada_wa_Malaba
Bando litalipwa na nani? Kodi ya asilimia 12 juu ya data ipo tangu 2021.

mlinzi_wa_bando
Inafanya kazi hata bila mtandao ukiiandaa mapema kwenye Chrome. Na orodha ya mistari 1,860 haili bando, video ndizo zinazokula.

Mzee_Tororo
Siku hizi bando linaisha hata simu ikiwa mfukoni. Mjukuu wangu anasema ni masasisho.

Karani_Busia
Nimefungua CSV ya Julai kwa ile njia ya DMY. Date Filters imetokea! Tororo, zaidi ya kilo 1,000, Julai: mistari 41. Ripoti ya kwanza ilionyesha 6. Ila CSV za Machi na Aprili hazipo, na mwenzangu anasema kuna siku mizani iligoma akaziandika kwa mkono, hakumbuki zipi. Kesho natafuta daftari.

Kuhusu kununua, bosi bado anataka jibu Ijumaa.

kijana_wa_Gulu
Mwambie anunue 😂

Bibi_wa_Jinja
Kwenye hizo 41, ngapi zilizidi 13.5?