Tupeane uzoefu: Kuandika maelezo ya malipo na usafirishaji yanayobandikwa juu ya kundi la wateja

MashukaKkoo
Ndugu wanajukwaa, ninauza mashuka na mapazia Kariakoo, na sehemu kubwa ya wateja wangu wako mikoani, ambao huagiza kupitia kundi la WhatsApp bila kufika dukani. Naomba wenye biashara ya namna hii tuelezane jinsi tunavyoandika ule ujumbe wa juu wenye maelezo ya malipo na usafirishaji, kwa sababu nimeona kwamba maduka mengi wanao lakini wateja wanaendelea kuuliza yale yale: nalipia wapi, niweke na ya kutolea, mzigo unatoka lini, nauli analipa nani.

Naanza na yangu. Ujumbe wa kawaida wa maduka yetu huanza na jina la duka, mtaa na ghorofa, saa za kufungua, kisha namba tatu za mitandao mitatu, na mwisho kabisa huandikwa "Mikoani tunatuma". Maneno hayo mawili ndiyo yanayozaa nusu ya maswali, maana hayasemi mzigo unapitia wapi, siku gani, kwa nauli ya nani, wala mpokeaji aende na nini. Kwa hiyo nilipanga upya maelezo yafuate hatua za mnunuzi, tangu anapotajiwa jumla hadi anapofika stendi. Sasa yanasomeka hivi:

"Ukishatajiwa jumla ya oda yako, lipa kwa Lipa Namba iliyo kwenye ujumbe unaofuata. Kabla ya kuweka namba ya siri, hakikisha jina linalotokea ni (hapa naandika jina kama lilivyosajiliwa, herufi kwa herufi). Likitokea jina jingine, acha, kisha tupigie. Lipa jumla ile ile uliyotajiwa. Usiongeze ya kutolea.

Ukishalipa, tuandikie namba ya muamala, jina la mpokeaji, namba yake ya simu, na stendi atakayochukulia mzigo.

Malipo yakithibitishwa kabla ya saa 9 alasiri, mzigo unapelekwa kwenye basi jioni hiyo hiyo. Baada ya hapo unapelekwa kesho yake. Jumapili hatupeleki. Nauli ya mzigo analipa mpokeaji anapochukua. Tutakutumia picha ya risiti ya basi. Nenda nayo pamoja na kitambulisho."

Kipengele cha jina ndicho ninachokithamini zaidi. Duka lina jina la biashara, lakini namba imesajiliwa kwa jina la mmiliki, na mteja akiona jina asilolijua anasita. Wapo wanaosita wakauliza, na hao si tatizo. Wanaonitia wasiwasi ni wale waliozoea kupuuza jina, kwa sababu siku tapeli anapochukua namba zao kwenye kundi na kuwaandikia pembeni, "Ile hela tuma kwenye namba hii", hawana kitu cha kumpimia. Jina likiwa limeandikwa juu, mteja ana kipimo chake mkononi kabla pesa haijatoka.

Vyombo_Ilala
Nakubaliana na mpangilio wako, ila naona umeacha jambo kubwa. Bei za nauli ziandikwe zote, mkoa kwa mkoa, ili mteja asibaki na swali lolote. Mimi nimeandika Dodoma, Morogoro, Mbeya, Arusha, Mwanza na kuendelea, na kila mmoja anajua anachodaiwa. Vilevile nimeweka sharti kwamba mteja atume skrinishoti ya muamala, kwa sababu hiyo ndiyo uthibitisho wa malipo.

MashukaKkoo
Ndugu yangu, kwa vyombo vinavyofungwa kwenye katoni za saizi moja huenda orodha hiyo ikasimama. Kwangu mimi mzigo wa shuka mbili na robota la mapazia havilipiwi sawa, na ofisi ya basi hupanga bei kwa kuutazama mzigo wenyewe. Nikiandika kiasi halafu mpokeaji akadaiwa zaidi, atagombana na wakala wa stendi na kunipigia mimi. Ndiyo maana naandika nani analipa na analipia wapi, na kiasi namtajia mteja mmoja mmoja baada ya mzigo kupokelewa.

Mhasibu_wa_Maduka
Naomba niingilie hapo kwenye skrinishoti, kwa kuwa ninawafungia mahesabu wafanyabiashara kadhaa na hili nalishughulikia kila wiki. Ni sahihi kumwomba mteja atume kitu baada ya kulipa, lakini picha inatengenezwa kirahisi, na hata ujumbe mfupi wa maandishi hughushiwa. Uthibitisho wa malipo ni kile kinachoonekana kwenye akaunti yenu: salio limeongezeka na muamala wenye namba ile upo kwenye taarifa ya Lipa Namba. Ndiyo maana MashukaKkoo amefanya vema kuomba namba ya muamala iandikwe kwa maandishi, kwani mhudumu anaitafuta moja kwa moja badala ya kukodolea macho picha yenye ukungu.

Niongeze jambo ambalo wengi hawalifahamu kuhusu WhatsApp yenyewe. Ujumbe unaobandikwa juu una muda wake: unachagua saa 24, siku 7 au siku 30, na muda ukiisha unashuka wenyewe bila mtu kukutaarifu. Pia mtu anayejiunga na kundi baada ya ujumbe kutumwa huenda asiuone kabisa, hata kama nyinyi mnauona umekaa juu. Mkiona maswali yanatoka zaidi kwa wateja wapya, angalieni hapo kwanza kabla ya kulaumu maandishi. Maelezo ya kudumu yakae kwenye sehemu ya maelezo ya kundi, ambayo kila anayeingia anaweza kuisoma, na ujumbe wa juu utumike kuwarudisha watu huko au kutangaza kilichobadilika.

Tena, ujumbe uliotumwa unaweza kuhaririwa ndani ya dakika 15 tu. Ukibadilisha Lipa Namba mwezi ujao, hutaweza kurekebisha ule wa zamani wala kuufuta kwa wote. Unapaswa kuandika mpya unaosema namba ya zamani isitumike, na kuubandika. Usiposema hivyo, mteja atakayetafuta neno "lipa" kwenye mazungumzo ataupata ule wa zamani na kulipa huko.

Nyakanga_Magu
Mimi ni mnunuzi, sina duka. Naomba kuuliza: nilituma pesa ya viatu kwa namba niliyokosea tarakimu moja, na aliyepokea hapokei simu. Je, muuzaji ana wajibu wa kunirudishia?

Mhasibu_wa_Maduka
Dada, pole sana. Pesa hiyo haikumfikia muuzaji, kwa hiyo hana cha kurudisha. Piga huduma kwa wateja ya mtandao uliotumia kutuma, uwatajie namba ya muamala, na ufanye hivyo mapema kabla aliyepokea hajaitoa. Usiendelee kumpigia yeye, kwani unampa taarifa kwamba ana pesa isiyo yake.

MashukaKkoo
Swali la dada limenikumbusha kwa nini namba naiweka kwenye ujumbe wa peke yake. Kwenye simu nyingi, ukishikilia ujumbe wa WhatsApp ili kunakili, unanakili wote. Namba ikiwa katikati ya aya, mteja hawezi kuichukua peke yake, hivyo anaiandika kwa kuikariri, na tarakimu zinapishana. Ujumbe wenye tarakimu tupu, bila nafasi wala jina, anaunakili na kuubandika kwenye menyu ya malipo. Wanaoweka namba ndani ya picha ya tangazo, hasa Instagram, wanamlazimisha mteja kukariri.

Na kwa kuwa dada anatoka Magu, hapo pia pana funzo la stendi. Wateja wa upande huo walikuwa wakiandika "Mwanza", nasi tunapakia kwenye basi linaloishia Nyegezi. Magu iko upande wa barabara ya Musoma, kwa hiyo mpokeaji analazimika kulivuka jiji zima kufuata mzigo, ilhali upande wake kuna stendi ya Nyamhongolo. Tangu maelezo yaulize stendi badala ya mkoa, mteja mwenyewe anatutajia anapopitia, na sisi tunatafuta basi linalofika huko au tunamwambia mapema kwamba halipo.

Duka_la_Likoni
Hamjambo kutoka Mombasa. Kwetu hili la jina lina mpaka wake. Mwenye Till hana shida, kwa kuwa mteja anaona jina la duka anapolipa. Lakini wengi wetu tunatumia Paybill ya benki, ambapo nambari ya biashara ni ya benki na nambari ya akaunti ndiyo yetu, kwa hiyo jina linalotokea ni la benki, na ukimwambia mteja akague jina hajakagua chochote. Makosa yetu yako kwenye akaunti. Mteja akifika hapo anaandika jina lake, au "mapazia", au nambari yake ya simu, kwa sababu amezoea kampuni zinazotaka hivyo.

Mimi naandika waziwazi: "Kwenye nambari ya akaunti weka tarakimu hizi, usiweke jina lako", kisha tarakimu zinafuata kwenye ujumbe wake. Jambo jingine dogo ni saa. Mkiandika "9:00" mteja mmoja ataelewa asubuhi na mwingine alasiri. "Saa 9 alasiri" haina utata.

Vyombo_Ilala
Nimeelewa kuhusu skrinishoti, na nitaomba namba ya muamala. Ila suala la ya kutolea bado sijaridhika. Wateja wangu wengi wa vijijini hawana mazoea na Lipa Namba, wanatuma kwenye namba ya kawaida kama wanavyowatumia ndugu zao. Anatuma 45,000 kamili, nami nikienda kwa wakala nakatwa. Nikiandika "weka na ya kutolea" wanauliza ni kiasi gani, na kiasi kinabadilika kufuatana na fedha inayotumwa.

Mhasibu_wa_Maduka
Ukibaki na namba ya kawaida, mtajie kila mteja jumla moja ambayo tayari ina makato ndani yake, na kwenye maelezo uandike "Tuma jumla uliyotajiwa". Neno "ya kutolea" lisionekane kabisa, kwani likionekana tu mteja anaanza kupiga hesabu. Mahesabu hayo ni kazi ya dukani.

MashukaKkoo
Hapo mimi nina mawazo tofauti kidogo. Mteja wa kijijini amelizoea neno hilo, na asipoliona ataliuliza, au ataongeza mwenyewe kwa uungwana halafu tuanze kurudishiana shilingi mia tano. Kwangu sentensi ya "usiongeze ya kutolea" imepunguza maswali kuliko sentensi nyingine yoyote.

Bi_Chwaka
Assalaam aleikum. Sisi wa Unguja tumesahauliwa katika maelezo ya karibu maduka yote ya Dar. Tunaambiwa "taja stendi", na mzigo wetu unakuja kwa boti. Naomba muandike mstari mmoja wa Zanzibar: mzigo unaondoka na boti gani, ya saa ngapi, na anayeupokea bandarini Malindi ampigie nani. Mara ya mwisho nilipewa jina la boti bila saa, nikakaa bandarini tangu asubuhi na mzigo ukaja na boti ya jioni.

MashukaKkoo
Waaleikum salaam, Bi mkubwa. Una haki. Nitaweka mstari wa Zanzibar leo, wenye saa ya boti na namba ya aliyekabidhiwa mzigo. Naomba wenye wateja Pemba nao waeleze wanavyoandika, maana huko boti haziendi kila siku na sijui kama siku zitajwe juu au mteja aambiwe akishalipa.