Mtumishi wa serikali kumfukuza ni mbinde, wa praiveti anaondoka kwa meseji. Hii ni haki?

Kijana wa Makambako (mleta uzi)
Wakuu habari za saa hizi. Kwanini mtumishi wa umma akiharibu anapewa barua, kamati, rufaa mpaka kwa Rais, halafu sisi wa praiveti bosi akiamka vibaya unaondoka? Kwanini serikali isiajiri kwa mikataba ya miaka mitatu mitatu, ukiboronga hurudi? Naomba hoja sio matusi.

Stoo Kipa
Naunga mkono asilimia mia. Mimi nilikuwa stoo ya kampuni moja Dar miaka minne, 2019 nikaondolewa kwa meseji ya simu usiku saa tatu, "kesho usije, mahesabu hayajakaa sawa". Hakuna kuulizwa, hakuna kikao. Lakini nenda shule yoyote ya serikali saa nne asubuhi uone walimu wanavyouza maandazi na ubuyu mpaka darasani na hakuna wa kuwagusa, maana wana ajira ya kudumu.

Mwl wa Zamu
Stoo Kipa ulikuwa unaongea vizuri mpaka ulipofika kwenye maandazi. Mimi nina darasa la watoto 112, chumba kimoja, madawati 31, naingia saa moja kasoro na kutoka saa tisa na nusu, hayo maandazi unayoyaona kwenye ndoo ni kwa sababu watoto wametoka nyumbani hawajala kitu na mama lishe yuko mbali. Umewahi kusahihisha madaftari 112 wewe? Usitufanye sisi ndio sababu ya wewe kufukuzwa.

Stoo Kipa
Mwalimu sijakutaja wewe. Nimesema niliyoyaona, mwanangu amerudi nyumbani anadai hela ya ubuyu wa madam, nisiseme?

Mzee wa Masjala
Nimekaa idara ya utumishi halmashauri mbili tofauti kwa miaka 27, nimestaafu. Naomba niwaambie kitu watu wengi hawakijui. Kinachomlinda mtumishi wa umma ni hatua, wala sio kupendwa. Mwajiri akiruka hatua moja anarudishwa mwanzo hata kama mtumishi kweli amekosa, na akizifuata zote mtumishi anatoka vilevile.

Mfano naujua kwa sababu faili nililibeba mimi mwenyewe. Muuguzi wa kituo cha afya aliondoka wiki tatu, mama yake alikuwa mahututi mkoa mwingine. Alimpigia simu mfawidhi akaambiwa "nenda tu", hakuandika ruhusa. Utoro ukizidi siku tano za kazi bila ruhusa wala sababu ya msingi ni kosa la kufukuzisha, hilo kila mtumishi analijua. Aliporudi akapewa barua ya kujieleza, akajibu ukurasa mmoja. Sasa hapa ndipo walipoharibu: yale majibu wakayachukua kama utetezi, hakuna hati ya mashtaka, hakuna kamati ya uchunguzi, jambo likapelekwa baraza la madiwani likapitishwa kwa dakika chache, wakamfukuza.

Barua ya kujieleza inakuuliza tu kilichotokea. Hati ya mashtaka inakutajia kosa lako na tarehe zake, inakupa muda wa kujitetea kwa maandishi, halafu kamati inakuita, unaleta mashahidi, unamuuliza maswali anayekushtaki. Yule dada hakupata hata kimoja. Alikata rufaa Tume ya Utumishi wa Umma siku ya 38, mwisho ni 45 tangu upokee uamuzi. Tume ikafuta uamuzi, ikaamuru arudi kazini na halmashauri kama bado inataka ianze upya kwa utaratibu.

Kijana wa Makambako
Si ndio hapo mzee wangu, mtoro kashinda! Huku kwetu harudi huyo.

Mzee wa Masjala
Ngoja nimalize kijana. Halmashauri ilianza upya. Safari hii hati ikaandikwa vizuri, kamati ya watu watatu ikakaa, mfawidhi akaitwa akakana kwamba aliruhusu, yule dada hakuwa na karatasi yoyote mkononi. Akafukuzwa tena. Akakata rufaa tena, ikakataliwa maana hatua zote zilikuwemo kwenye faili, folio kwa folio. Tangu siku aliyoondoka kwenda kwa mama yake mpaka hapo ilipita miaka mitatu. Wanaosikia "kashinda rufaa" wanadhani ndio imeisha, kumbe mara nyingi umeshinda nafasi ya kushtakiwa vizuri. Mpaka leo naamini angeandika barua ya mistari minne kabla ya kupanda basi angekuwa bado wodini.

Mama Wawili Tabora
Maskini jamani. Na huyo mfawidhi aliyekana yeye alifanywa nini?

Mzee wa Masjala
Hakufanywa kitu dada yangu. Neno lake na neno la yule binti, karatasi hakuna.

Mtetezi wa Haki
Mzee unazunguka sana. Huyo muuguzi angeenda CMA tu, ile tume ya usuluhishi na uamuzi wa migogoro ya kazi, sheria ya kazi ni ya wote, sheria namba 6 ya 2004 haibagui mtumishi wala nani. Watu wanaogopa bure. Nina rafiki yangu wa shirika la umma alienda CMA akashinda vizuri kabisa.

Mzee wa Masjala
Ndugu yangu hapo una nusu ya ukweli na hiyo nusu ndiyo imewaponza wengi. Sheria ya ajira kweli inawagusa wote, na zamani watumishi walikuwa wanaenda huko. Lakini marekebisho ya 2016 yaliingiza kifungu cha 32A kwenye Sheria ya Utumishi wa Umma, kwamba mtumishi amalize kwanza njia za ndani ya sheria hiyo. Yaani mamlaka ya nidhamu, halafu Tume, halafu Rais. Uamuzi wa Rais ndio wa mwisho, baada ya hapo unabaki na Mahakama Kuu kuomba iangalie kama utaratibu ulifuatwa, na sio kusikiliza kesi upya. Na usidhani shirika la umma ni nje ya hilo. Mahakama ya Rufani 2022 kwenye shauri la Shirika la Posta ilisema CMA haina mamlaka kwa mtumishi wa umma. Sasa piga picha mtu kashinda CMA, kashinda na juu, anafika mwisho anaambiwa mlango uliingia sio, na zile siku 45 za Tume zilishapita zamani. Rafiki yako alishinda mwaka gani?

Mtetezi wa Haki
Kama 2014 hivi. Ila bado naona ni uonevu, kwanini mfanyakazi mmoja afungiwe mlango ambao mwenzake anaingia?

Mzee wa Masjala
Hapo tuko pamoja, hilo hata mimi silipendi. Kumkatia rufaa serikali kwa serikali sio jambo dogo.

Wanjiru wa Nakuru
Huku Kenya pia lazima uanze na PSC, tume yetu ya utumishi wa umma, ndio uende korti ya kazi. Lakini ukishinda fidia mwisho ni mshahara wa miezi kumi na mbili. Nyinyi nasikia kumi na mbili ndio mlikuwa mnaanzia?

Stoo Kipa
Dada Wanjiru hiyo miezi 12 ni ya kwenye karatasi. Nilienda CMA ndani ya siku 30, usuluhishi ukashindikana maana kampuni ilileta mtu asiye na uwezo wa kuamua chochote, tukaenda kwenye uamuzi, nikashinda. Mshahara wangu ulikuwa laki nne, tuzo ikaja milioni nne na laki nane. Wakakimbilia Mahakama Kuu Divisheni ya Kazi kuomba marejeo, mwaka mzima natembea na karatasi mfukoni, watoto wamerudishwa nyumbani kwa ajili ya ada, mwisho nikakubali milioni tatu nje ya mahakama. Na hata ingeamriwa nirudishwe kazini, mwajiri wa praiveti anaruhusiwa kukataa, anakulipa mshahara wa miezi 12 na malimbikizo yako mnaachana. Serikalini Tume ikisema rudi, unarudi kwenye kiti chako. Hiyo ndio tofauti inayoniuma mimi, sio maandazi.

Mwl wa Zamu
Sasa hapo umeongea kaka. Pole sana kwa kweli. Ila hayo maandazi bado hujayafuta.

Stoo Kipa
Nimeyafuta mwalimu. Ubuyu bado.

Chuma Cha Reli
Mnawatetea watumishi, mmesahau 2017? Watu 9,932 walitajwa kwa vyeti feki wakaondoka kwa siku moja, hiyo kamati ya mzee ilikaa wapi?

Mama Wawili Tabora
Usiniguse hapo. Baba yangu mdogo alikuwa dereva wa idara, darasa la saba, hakuwahi kudanganya cheti maana hakuwa nacho cha kudanganya. Akatolewa kwenye mfumo wa mishahara, tumekaa miezi tunamlisha, 2018 wakasema walioajiriwa kabla ya tarehe 20 Mei 2004 warudi, akarudi. Alirudi amekonda. Hakuna hati ya mashtaka wala nini.

Chuma Cha Reli
Dada mimi nazungumzia waliofoji, darasa la saba ni suala lingine.

Mama Wawili Tabora
Ni suala lingine kwako. Nyumbani kwetu ilikuwa panga lile lile.

Mzee wa Masjala
Mama Wawili anasema kweli. Mwaka ule sisi maafisa utumishi tulipokea orodha, kazi yetu ilikuwa kuwaambia watu. Waliofoji 2022 serikali ilikubali kuwarudishia michango yao wenyewe ya mfuko, basi. Kijana wa Makambako, jibu la swali lako la mikataba ni hapo pia: mkataba wa miaka mitatu ukiisha hakuna anayehitaji kukushtaki, hawakuongezei tu. Afisa manunuzi atakayekataa kusaini malipo ya hewa mwaka wa pili na nusu, nani atamwongezea?

Kijana wa Makambako
Na asiyefanya kazi kabisa mzee, anayekuja kusaini na kuondoka? Naye unamlinda kwa hofu ya huyo mmoja?

Mzee wa Masjala
Huyo ana kosa lake na kanuni zake. Wakuu wake hawataki kuandika, wanataka aondoke bila wao kushika kalamu. Hilo sheria haiwezi kuwafanyia.

Kijana wa Makambako
Bado sijakubali ila nimekuelewa.

Bint Kibosho
Samahani naingilia. Mdogo wangu ni mwalimu shule ya msingi ya mtu binafsi, ana miaka miwili pale, kapewa barua ya kufukuzwa hajaitwa kikao. Mwalimu mwenzake kamwambia akate rufaa Tume ya Utumishi wa Walimu, ameshaandika anasubiri kujibiwa. Barua aliipokea tarehe 3 mwezi huu.

Mwl wa Zamu
Dada TSC ni sisi wa shule za serikali tu! Hao hawamjui mdogo wako.

Mzee wa Masjala
Leo tarehe 29 binti yangu. Aache kusubiri. Asubuhi aende ofisi ya CMA ya mkoa achukue fomu namba CMA F1, aijaze, nakala aipeleke shuleni kwanza wasaini kupokea na tarehe, ndio arudi kuisajili. Wakikataa kusaini aende na shahidi au aitume kwa posta abaki na risiti. Siku 30 zikipita itabidi aombe kuongezewa muda kwa F2 na aeleze kila siku aliyochelewa, na "nilikuwa nasubiri TSC" sijui kama itamsaidia.

Bint Kibosho
Mungu wangu. Na pale kesho ni Ijumaa. Nampigia sasa hivi.

Stoo Kipa
Mwambie abebe na bahasha ya hiyo barua. Mimi waliniuliza uthibitisho wa tarehe niliyopokea, nikawaonyesha ile meseji ya saa tatu usiku.