Tofaa na parachichi yanageuka rangi kabla sijafika kwa wateja, naomba ushauri

VikopoDodoma:
Wakuu habari za jioni. Nauza vikopo vya matunda mchanganyiko kwenye ofisi hapa Dodoma. Naamka saa 10 alfajiri, nakata papai, tikiti, nanasi, tofaa na parachichi, nafunika, saa 4 naanza kuzungusha. Papai na tikiti hayanisumbui. Tofaa ikifika saa 3 limeshashika rangi ya kutu, na parachichi ndiyo usiseme, linakuwa kama udongo. Wiki iliyopita dada mmoja alifungua kopo mbele yangu akanirudishia, akasema yeye hali matunda ya jana. Yalikuwa ya asubuhi ile ile. Nikirudi na vikopo 6 kati ya 25, faida yote imekwenda. Nifanyeje?

Babu_Kijiko:
Parachichi usitoe kokwa. Liache humo humo, halibadiliki rangi. Mama yangu alifanya hivyo miaka yote.

Neema_wa_Njiro:
Pole dada. Mimi pia yamenikuta, nilinunua maparachichi matatu sokoni, nje mazuri kabisa, kuyapasua ndani meusi yenye nyuzi nyuzi. Hawa wauzaji wanatuonea.

FundiJikoni:
Neema, hilo lako ni jambo jingine. Parachichi likiwa jeusi kabla ya kukatwa, limeiva kupita kiasi au limekaa kwenye baridi muda mrefu mno. Hata ndimu haiwezi kulirudisha.

Dada wa vikopo, tunda lako halijaoza. Ndani ya tofaa na parachichi kuna kimeng'enya, na kuna kemikali nyingine zinazokaa mbali nacho, kila kimoja kwenye chumba chake. Kisu kikipita, kuta za vyumba zinapasuka, vinakutana, na hewa ikiingia rangi ya kahawia inatokea. Ndiyo maana kisu butu kinaharakisha: kinaponda badala ya kukata. Angalia tofaa ulilolikata kwa kisu kizee, ukingo ulioumia ndio unaotangulia kubadilika.

Babu, kokwa inasaidia pale tu inapogusa, kwa sababu hewa haipiti. Nyama ya pembeni inageuka kama kawaida. Litoe uone: shimo ni kijani, ukingo ni kahawia.

Kwa tofaa, chukua kikombe cha maji safi, tia nusu kijiko cha chai cha chumvi, koroga, loweka vipande dakika 10 kisha suuza haraka. Chumvi inakizuia kimeng'enya, na ukisuuza huisikii mdomoni. Au maji ya ndimu, kijiko kimoja cha chakula kwa kikombe, dakika 5. Ukali wa ndimu unakilegeza, na vitamini C yake inairudisha nyuma ile rangi kabla haijakolea. Vitamini hiyo ikiisha, rangi inaanza upya, kwa hiyo unanunua saa chache tu.

Babu_Kijiko:
Basi na parachichi alizamishe kwenye maji, hewa haitafika.

FundiJikoni:
Rangi itabaki, lakini usifanye hivyo. Vijidudu vilivyoko kwenye ganda vinaweza kuongezeka majini, na wewe unalisha watu. Parachichi lipake ndimu, kisha bandika nailoni ya chakula juu ya nyama yenyewe. Kufunika kopo tu hakutoshi, hewa iliyobaki chini ya mfuniko inatosha kuliharibu.

VikopoDodoma:
Nimerudi. Jana nilijaribu tofaa moja kwa njia tatu, nikaweka mezani bila friji kuanzia saa 11 alfajiri. La kavu lilikuwa na rangi saa 12 na nusu. La ndimu lilikuwa jeupe hadi saa 5, ila mume wangu alilionja akakunja uso. La chumvi lilikuwa jeupe, likaanza ukingoni karibu saa 6. Halafu nikagundua jambo: vipande vilivyokuwa chini kabisa ya kopo, vimelala kwenye maji ya nanasi, navyo vilikuwa vyeupe.

FundiJikoni:
Umeona mwenyewe. Maji ya nanasi yanazuia tofaa lisigeuke, na hayana ule ukali wa ndimu. Yale yanayodondoka kwenye ubao wako usiyamwage. Kinga kwenye bakuli, changanya vipande vya tofaa, kisha ndiyo upange.

VikopoDodoma:
Hayo nitafanya kesho. Parachichi lenyewe bado. Kubandika nailoni kwenye vipande 25 kunanila nusu saa.

Neema_wa_Njiro:
Kwa nini usibebe maparachichi mazima ukate mbele ya mteja?

VikopoDodoma:
Nimeliwaza hilo. Shida ni ofisi moja wasiotaka kisu mapokezi, na sina pa kunawia mikono. Mwenye kufanya biashara hii aniambie anabeba nini.